Moto, Kideri na Mwizi: Bima ya Kuku Moshi Inalipa Nini Hasa?

Juni na Julai, ukungu unaposhuka Kibosho, Uru na Machame, jiko la mkaa huhamia bandani. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki yake ya kwanza, na usiku wa huko juu mara nyingi haufiki hata nusu ya joto hilo. Mfugaji hana la kufanya ila kuwasha. Sakafuni amemwaga maranda makavu ya mbao, au pumba za mpunga alizozifuata kwenye mashine za Mabogini na Chekereni. Kuta ni za mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia na maturubai ili baridi isipenye. Cheche moja ikiruka, au taa ya kulelea ikianguka kwenye maranda, banda lote linaweza kuwaka kabla mwenyewe hajafungua mlango wa nyumba. Vifaranga hata moto hawaungoji, kwa kuwa moshi huwamaliza mapema.

Ndipo anapoitoa hati ya bima kabatini na kwenda mjini. Akiisoma pamoja na wakala anagundua kwamba alichokikatia bima ni jengo: kuta, bati na nyaya za umeme. Kuku hawakutajwa popote. Bima ya moto ya kawaida hulipa mali iliyoandikwa kwenye hati, na kuku wasioandikwa hawalipwi hata kama wamekufa ndani ya jengo lililolipiwa. Kosa hili naliona kuwa kubwa kuliko yote katika bima ya ufugaji, kwa sababu mtu hulala usingizi akiamini amejilinda.

Mfugaji anayesema anataka "bima ya banda" huwa anazungumzia kinga tatu kwa wakati mmoja. Banda na vifaa vyake huingia kwenye bima ya moto. Kuku wenyewe huingia kwenye bima ya mifugo, inayolipa vifo vitokanavyo na ajali, moto na magonjwa yaliyotajwa. Wizi ni kifungu cha peke yake, na mara nyingi hauingii mpaka uombwe na kulipiwa nyongeza. Kampuni inaweza kuziunganisha zote katika hati moja, lakini kila kinga hubaki na masharti yake, na hailipi kwa wepesi ule ule wa nyingine.

Miaka mingi iliyopita mfugaji mdogo hakuwa na pa kwenda na ombi kama hili. Sasa hali ni tofauti kidogo. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lina bima ya kilimo na mifugo, na mwaka 2023 kampuni kadhaa za bima nchini ziliungana kuunda konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ili zibebe kwa pamoja hatari ambayo kampuni moja iliogopa kuibeba. Benki nazo huuza bima kama mawakala wa kampuni hizo. Wote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Jambo moja ni la wote: bima haianzi mpaka ada imelipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi baada ya kuuza trei za mayai haimlindi mtu usiku wa leo.

Kabla ya kukubali ombi, kampuni huuliza kuku ni wangapi, wa aina gani, wana umri gani na wametoka wapi. Huweka idadi ya chini, kwa kawaida mamia, kwa sababu gharama ya kumtuma mkaguzi Old Moshi kuangalia kuku 40 inaweza kuzidi ada yote. Hutaka kuku wote wa shamba waingie. Huwezi kukatia bima banda lenye kuku wanyonge ukaacha lile la wazima, wala kuchanganya bandani kuku wa mayai na wa kienyeji wanaotoka asubuhi kwenda migombani na kurudi jioni na chochote walichokiokota kwa jirani.

Swali la walikotoka lina uzito wa pekee kwa mkoa uliopakana na Kenya. Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa amri ya serikali, ambayo ilikuwa imezuia uingizaji wa kuku kwa hofu ya mafua ya ndege. Anayenunua vifaranga vilivyopita njia za panya za Holili au Tarakea hana risiti ya kituo cha kutotolesha wala cheti cha chanjo ya siku ya kwanza, kwa hiyo hana cha kuonyesha siku ya madai. Vilevile kuku wanaouawa kwa amri ya serikali huwa nje ya bima ya kawaida. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka ugonjwa wa kutolewa taarifa uripotiwe, na mamlaka zinaweza kuamua kuku wateketezwe ili usienee. Ukitaka hasara hiyo ilipwe, uliza kama kampuni ina nyongeza yake na ihakikishe imeandikwa.

Kwa moto, mkaguzi huangalia mambo machache na huyaangalia kwa makini. Paa la nyasi au makuti hukataliwa, au hutozwa ada kubwa zaidi. Banda lililoegemezwa kwenye jiko la nje ni tatizo. Atainua macho kwenye nyaya: zimefungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, au zimevutwa kutoka nyumbani kwa kiendelezi kinachoning'inia juu ya maranda? Shoti ya umeme ni chanzo cha moto kinacholipwa, lakini nyaya zilizounganishwa kienyeji humpa mkadiria hasara hoja ya uzembe. Kuhusu jiko la mkaa, hoja si kwamba limekatazwa. Hoja ni kama ulilitaja kwenye fomu ya maombi. Ukijaza kwamba unalea kwa taa za umeme, halafu umeme ukakatika, ukaingiza jiko na banda likaungua, umevunja ukweli ambao mkataba wote umesimama juu yake. Jaza njia zote unazotumia, ya dharura nayo ikiwemo. Ada inaweza kupanda kidogo, lakini kinga itakuwa ya kweli. Kisha liweke jiko juu ya matofali au sinia la mchanga, ulizungushie bati, na ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga visikose mlangoni.

Kwa yote hayo, moto ndio rahisi kulipwa kati ya hatari tatu. Jivu linaonekana, na taarifa ya Zimamoto, wanaopigiwa namba 114, hueleza chanzo. Ugonjwa ni habari nyingine, na hapo ndipo nataka tukae zaidi.

Tuchukue mfugaji wa mfano wa Kibosho, mama mwenye kuku wa mayai 500. Bei nitakazotumia ni za mfano pia, ili hesabu ieleweke. Kifaranga kimoja alikinunua kwa shilingi 3,000. Hadi wiki ya 20, anapoanza kutaga, kila kuku amekula na kuchanjwa kwa gharama inayomfikisha thamani ya shilingi 15,000. Mama anakata bima kwa kuku 500 kwa thamani hiyo, yaani shilingi 7,500,000. Kampuni ikimtoza asilimia 5, ada yake ni shilingi 375,000.

Katika wiki ya 46 kideri kinaingia. Ndani ya siku tisa, kuku 260 kati ya 480 waliokuwa wamebaki wamekufa. Mama anapiga hesabu yake usiku: 260 mara 15,000 ni shilingi 3,900,000. Kiasi hicho hakitamfikia, na si kwa sababu amedhulumiwa.

Kwanza, kuku wa mayai ana thamani inayopanda na kushuka. Hupanda kila wiki tangu kifaranga hadi kilele chake anapoanza kutaga, kisha hushuka polepole mpaka wiki ya 72 au karibu na hapo, anapouzwa kama kuku wa nyama aliyechoka. Kampuni za India, zenye uzoefu mkubwa katika bima ya kuku, huambatanisha na hati jedwali la thamani ya kila wiki, na utaratibu huo ndio mfano wa bima hizi sehemu nyingi. Tuseme kuku aliyechoka anauzwa shilingi 7,000. Kati ya wiki ya 20 na ya 72 amepoteza shilingi 8,000 ndani ya wiki 52. Wiki ya 46 ni katikati kabisa, kwa hiyo amepoteza 4,000 na thamani yake ni shilingi 11,000.

Pili, kuku hufa hata bila janga. Kampuni huweka kiwango cha vifo vya kawaida ambacho mfugaji hubeba mwenyewe. Kikiwa asilimia 5 ya kuku 480, ni kuku 24. Wanaobaki kwenye madai ni 236, na kwa shilingi 11,000 kila mmoja ni shilingi 2,596,000. Tatu, katika kila dai kuna sehemu anayoibeba mteja. Ikiwa asilimia 20, yanatoka 519,200 na mama anapokea shilingi 2,076,800. Ni zaidi ya nusu kidogo ya alichokitarajia. Fedha hizo zinatosha kuanza upya na vifaranga 500, lakini hazifidii mayai yaliyokosekana. Kushuka kwa utagaji hakumo kwenye bima hii kabisa.

Sasa tuseme mama aliandikisha kuku 400 badala ya 500 ili apunguze ada, na siku ya janga bandani walikuwepo 480. Mkadiria hasara atahesabu waliokufa na waliobaki, aone udanganyifu, na kampuni italipa kwa uwiano wa 400 kwa 480. Zile 2,076,800 zinashuka hadi shilingi 1,730,000 hivi. Amejipunguzia ada ya shilingi 75,000 na amepoteza karibu 350,000. Na kampuni yenye msimamo mkali inaweza kulikataa dai lote kwa sababu alichojaza kwenye fomu hakikuwa kweli.

Kabla hesabu hizo hazijaanza, kuna mlango mmoja wa kupita: chanjo. Magonjwa yanayolipwa ni yale yaliyotajwa kwenye hati, na yale yenye chanjo hulipwa tu ikiwa kuku walichanjwa kwa wakati. Mareksi huchanjwa kituoni siku ya kwanza. Kideri huanza takriban siku ya saba, gumboro wiki ya pili, kisha zote mbili hurudiwa, na ndui hufuata kuku wakiwa na wiki sita hadi nane. Kideri huendelea kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya matone ya jicho ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, imeenea vijijini kwa kuwa inavumilia joto kuliko nyingine.

Lakini mama amechanja, na kideri kimeingia. Hilo hutokea. Chanjo hai ya kunywa hufa kwenye maji ya bomba yenye klorini, na hufa pia ikiachwa juani kwenye pikipiki kutoka dukani mjini hadi Kibosho. Mkadiria hasara anajua hayo, kwa hiyo ataomba vichupa au lebo zenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, risiti ya duka la mifugo, na jina la mtaalamu aliyechanja. Kampuni nyingi hutaka usimamizi wa daktari aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, au afisa mifugo wa kata. Lebo za chanjo zibandike kwenye daftari la banda siku ile ile ya kuchanja.

Pia kuna siku za kungoja. Ugonjwa unaoingia ndani ya wiki mbili hivi za mwanzo wa bima haulipwi, ili mtu asikimbilie kukata bima baada ya kusikia kuku wa jirani wanaangusha mbawa. Na kuna vifo ambavyo si ugonjwa wala ajali machoni pa kampuni: kuku waliorundikana kwa baridi wakakosa hewa, waliodonoana, waliokufa kwa njaa, walioliwa na kicheche. Hivyo huhesabiwa kuwa vya usimamizi wa banda.

Mkadiria akifika, huenda swali lake la kwanza lisiwe la kuku. "Pole sana mama. Naomba risiti za chakula." Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 480 wanamaliza kilo 55 hivi, karibu magunia manane ya kilo 50 kwa wiki. Risiti zikionyesha magunia matano, chakula hicho kinatosha kuku 310 tu, na idadi iliyodaiwa imeanza kutiliwa shaka. Hesabu hiyo ndiyo hutumika pia banda linapoungua kabisa na hakuna mizoga ya kuhesabu. Anayechanganya chakula mwenyewe kwa mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa hana risiti za magunia, basi na aandike kila mchanganyiko: tarehe, kilo, na siku walizokula. Daftari linaloonyesha kila siku idadi ya waliopo, waliokufa, waliouzwa, kilo za chakula na trei za mayai ndilo ushahidi mzito kuliko picha yoyote ya simu.

Mizoga huleta mgongano. Kampuni inataka ionekane, na kanuni za afya zinataka izikwe haraka. Njia inayokubalika ni kutoa taarifa siku ile ile kwa wakala na kwa afisa mifugo, kuihesabu mbele yake na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kupiga picha, kisha kuzika kwenye shimo lenye chokaa. Kabla ya kuzika, mtaalamu achukue kuku wachache waliokufa punde, wawekwe kwenye barafu na kupelekwa maabara. TVLA ina kituo Arusha. Bila majibu ya uchunguzi, "wamekufa kwa kideri" inabaki kuwa kauli ya mdai.

Wizi ndio mgumu kuliko yote. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi na kila boma linataka kuku, bei hupanda na mabanda huingiliwa. Ila bima hulipa wizi wa kuvunja: kufuli lililokatwa, wavu uliochanwa, tofali lililotolewa. Asubuhi ukiamka ukakuta wamepungua 30 na mlango uko salama, kampuni itaita jambo hilo upungufu usioelezeka na haitalipa. Wizi wa mfanyakazi wako mwenyewe huwa nje pia, isipokuwa kuna kifungu chake. Kabla ya kukubali, mkaguzi atataka kufuli imara, madirisha yenye nondo juu ya wavu, kwa kuwa wavu wa kuku pekee hukatwa kwa koleo, na mtu anayelala karibu na banda. Uzio wa masale unatosha kuonyesha mpaka wa kihamba; mwizi haumzuii na mkaguzi anajua. Tukio likitokea usifunge tundu wala kubadili kufuli kabla ya polisi kufika na kukupa namba ya RB, na ripoti ndani ya muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni saa 24 au 48.

Mwenye mkopo ajue pia kwamba benki huandikwa kwenye hati kama mwenye maslahi, na fidia huanza kupunguza deni kabla hajaiona. Na anayeona dai lake limekataliwa bila haki ana mahali pa kwenda baada ya kuandika kwanza kwa kampuni yenyewe: TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria ile ya 2009.

Jirani zetu Uganda, tangu mwaka wa fedha 2016/17, serikali humlipia mfugaji mdogo nusu ya ada na mkubwa asilimia 30, na kuku wamo kwenye mpango huo. Hapa kwetu, kwa ada kamili kama ile ya mfano wetu, shilingi 375,000 kwa kuku 500, wafugaji wengi wa Pasua na Rau wataendelea kubahatisha, na wanaoandika bajeti Dodoma wanapaswa kuliona hilo.

Kwa sasa, msomaji unayefikiria kukata bima, mwombe wakala vitu vitatu kwa maandishi kabla ya kutoa fedha: jedwali la thamani ya kuku kwa kila wiki, orodha ya magonjwa yanayolipwa, na sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe. Asipokuwa navyo, usilipe. Nenda kwa mwingine.